Slaidi tisini, maswali saba: kisa cha orodha ya kukagua muundo wa utafiti

Seti ya slaidi iliyonifikia ilikuwa ya kozi ya mbinu za utafiti kwa wanafunzi wa uzamili. Slaidi tisini na kitu, kuanzia falsafa ya maarifa hadi namna ya kupanga marejeo. Mwenzangu anayeendesha semina ya kusoma makala alitaka zigeuzwe karatasi moja ambayo mwanafunzi ataiweka kando ya makala iliyochapishwa na kuuhoji muundo wa utafiti kwa kuifuata. Hakutaka muhtasari wa kozi, kwa sababu muhtasari walikuwa nao tayari na haukuwasaidia kitu.

Alikuwa ameshatengeneza rasimu. Kila slaidi yenye kichwa cha habari ilikuwa imegeuka swali la ndiyo au hapana, na maswali yalikuwa yamezidi arobaini. Je, lengo la utafiti limeelezwa wazi? Je, sampuli ilichaguliwa kwa bahati nasibu? Je, ukubwa wa sampuli unatosha? Je, vifaa vya kukusanyia data ni halali na vya kuaminika? Je, vigezo vinavyovuruga vilizingatiwa? Je, maadili yalizingatiwa? Ukiisoma haraka huoni tatizo. Kila swali lina asili yake kwenye slaidi, na kila slaidi ina asili yake kwenye kitabu.

Nilimwomba tuijaribu kwenye makala moja kabla ya kuhariri hata neno. Tulichagua ile ya Richard Doll na Austin Bradford Hill kuhusu uvutaji sigara na saratani ya mapafu, iliyotoka British Medical Journal mwezi Septemba 1950. Ni fupi, imeandikwa kwa lugha ya mtu anayezungumza, na majedwali yake yanasomeka bila kompyuta. Kuna sababu nyingine pia. Hitimisho lake limethibitishwa baadaye na ushahidi wa kila aina, kwa hiyo orodha ikiitupa makala hii jalalani, tuna haki ya kuitilia shaka orodha kwanza. Si kwamba jibu sahihi linathibitisha muundo mzuri. Mtu anaweza kufika mahali sahihi kwa njia mbovu. Lakini ni pa kuanzia.

Rasimu iliitupa. Bahati nasibu, hapana. Wahojaji kutojua nani mgonjwa wa nini, hapana. Sampuli inayowakilisha jamii, hapana. Watu wote walitoka hospitalini. Hesabu ya ukubwa wa sampuli iliyofanywa mapema, hakuna. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa akiijaza aliinua kichwa akauliza, "Mwalimu, hapana zimezidi. Sasa hii tunaiandika kuwa dhaifu?" Mwenzangu akamjibu kwamba kwa mujibu wa karatasi, ndiyo.

Hapo ndipo kasoro ya rasimu ilipojitokeza. Hill huyu ndiye mtakwimu aliyesanifu mgao wa bahati nasibu katika jaribio la streptomisini kwa kifua kikuu, lililochapishwa 1948, ambalo hadi leo hutajwa kama mfano wa mwanzo wa majaribio ya kisasa ya tiba. Alijua bahati nasibu ni nini na inafanya kazi gani. Hakuitumia kwenye sigara kwa sababu huwezi kuwagawa watu kwa kura, hawa wavute miaka thelathini na wale wasivute. Orodha inayomnyima alama kwa hilo inakagua kama utafiti unafanana na slaidi ya jaribio bora, basi. Haijagusa swali la kama watu hawa, waliopatikana kwa njia hii, wanaweza kubeba hitimisho hili.

Tukarudi kwenye slaidi na kuzipepeta upya. Slaidi za kozi ya mbinu zimeandikwa kwa ajili ya mtu atakayefanya utafiti. Zinamwambia achague sampuli namna gani, apange dodoso namna gani, ahesabu nini kabla ya kuanza. Msomaji wa makala amekuta mambo yamekwisha. Hawezi kurekebisha lolote. Anachoweza ni kuuliza kilichofanyika kimeliathiri vipi tokeo. Kwa hiyo kila slaidi tuliipitisha kwenye majaribio matatu. La kwanza: je, swali litokanalo nayo linaweza kujibiwa kwa kuweka kidole kwenye ukurasa fulani wa makala? La pili: je, makala mbili za muundo uleule zinaweza kutoa majibu tofauti? La tatu: jibu likiwa baya, je, naweza kusema tokeo limesukumwa upande gani?

Nyingi zilianguka. "Je, ukubwa wa sampuli unatosha?" lilianguka jaribio la kwanza, maana hakuna ukurasa unaosema unatosha, msomaji atakisia tu, na kwa kawaida atakisia kwamba elfu moja inatosha na arobaini haitoshi. "Je, sampuli ilichaguliwa kwa bahati nasibu?" lilianguka la pili, kwa sababu karibu tafiti zote za wagonjwa wa hospitali zitajibu hapana, kwa hiyo halitenganishi nzuri na mbaya. Mapitio ya maandiko yalianguka la tatu: yanaweza kuwa ya hovyo na muundo ukabaki imara. Maadili tuliyatoa pia, na hapo mwenzangu alipinga kwa nguvu. Tulikubaliana yawe na karatasi yake. Utafiti unaweza kuwa na kibali cha kila kamati na bado usionyeshe chochote, na mwanafunzi akichanganya mambo hayo mawili hupata alama ya ndiyo inayomtuliza bila sababu.

Zilizobaki zilikuwa zinarudiana. Slaidi za sampuli peke yake zilikuwa nane: ya bahati nasibu rahisi, ya matabaka, ya makundi, ya mtafiti kuwaita wanaomfahamu, na kadhalika. Mkaguzi hahitaji jina la aina. Anahitaji kujua mlango wa kuingilia ulikuwa wapi, nani alibaki nje, na kama kubaki nje kulihusiana na vitu viwili ambavyo utafiti unataka kuviunganisha. Nane zikawa swali moja. Slaidi za upendeleo zilikuwa kumi na moja, kila upendeleo na jina lake. Tulizigawa kwa mahali upendeleo unapoingilia: kwenye kuchagua watu, kwenye kupima, au kwenye kitu cha tatu kilichojificha. Majina tuliyaacha kwenye slaidi.

Hii ndiyo iliyobaki:

1. Bila kuangalia jina ambalo waandishi wameupa utafiti wao: watu waliingizwa kwa kigezo gani, na ni nini kiliulizwa au kupimwa baada ya hapo?
2. Nani angeweza kuingia, nani aliingia, nani alipotea njiani na kwa sababu gani? Andika idadi.
3. Kundi la kulinganisha limetoka wapi? Kama mtu wa kundi hilo angepata ugonjwa huu, angeonekana kwenye kundi la wagonjwa?
4. Kila kitu kikuu kilipimwaje, na aliyepima alikuwa anajua nini wakati anapima?
5. Taja kwa jina kitu kimoja cha tatu kinachoweza kuleta uhusiano huu. Kimeshughulikiwa ukurasa gani?
6. Tokeo kuu ni kubwa kiasi gani, na limesimama juu ya watu wangapi?
7. Kwa kila kasoro uliyoandika hapo juu: inasukuma tokeo upande gani, na ina nguvu ya kuligeuza?

Swali la kwanza lina maneno ya ajabu kidogo kwa makusudi. Slaidi ya aina za tafiti ilikuwa na mti wenye matawi, na wanafunzi walikuwa wanatafuta neno kwenye muhtasari wa makala kisha wanaliweka kwenye tawi. Tatizo ni kwamba waandishi hukosea jina la utafiti wao wenyewe mara nyingi kuliko mtu angedhani. Hasa huupa utafiti wao jina la "utafiti wa kulinganisha wagonjwa na wasio wagonjwa" kwa sababu tu una makundi mawili. Ukifuata walivyoingia watu, jina halikupotezi. Kwa Doll na Hill, watu waliingizwa kwa ugonjwa: huyu ana saratani ya mapafu, yule ana ugonjwa mwingine. Baada ya hapo ndipo waliulizwa walivuta nini zamani. Mwelekeo ni kutoka tokeo kurudi nyuma kwenye chanzo. Hilo likishajulikana, mambo mawili yanafuata moja kwa moja. Hatuwezi kupata humu hatari halisi ya mvutaji kuugua, kwa sababu idadi ya wagonjwa imepangwa na watafiti. Na kumbukumbu ya mgonjwa itakuwa suala kubwa, kwa hiyo swali la 4 litahitaji muda.

Kwenye swali la 2 makala inatoa hesabu kamili, jambo ambalo makala nyingi za leo hazilifanyi vizuri hivyo. Kati ya Aprili 1948 na Oktoba 1949, hospitali 20 za London ziliwaarifu watafiti juu ya wagonjwa 2,370 wa saratani za mapafu, tumbo, utumbo mpana na puru. Waliondolewa 150 kwa kuwa na umri wa miaka 75 au zaidi, na 80 kwa sababu utambuzi wa ugonjwa ulibadilika. Wakabaki 2,140. Kati yao, 408 hawakuhojiwa: 189 walikuwa wameshatolewa hospitalini, 116 walikuwa wagonjwa mno, 67 walikuwa wamefariki, 24 hawakusikia vizuri, 11 hawakuweza kuzungumza Kiingereza kwa ufasaha, na mmoja majibu yake yalionekana hayaaminiki kabisa hata mahojiano yakakatishwa. Hakuna aliyekataa.

Mwanafunzi aliandika hapo: "Karibu mmoja kati ya watano hakuhojiwa. Udhaifu." Ni sahihi kama hesabu, lakini swali la 7 linamlazimisha aendelee. Ili upungufu huu ulete uhusiano wa uongo, waliokosekana wenye saratani ya mapafu wangepaswa kuwa wavutaji wachache kuliko waliohojiwa, na kwa tofauti kubwa. Sababu zilizoandikwa hazielekei huko. Aliyetolewa mapema au asiyesikia vizuri hana sababu ya kuwa mvutaji zaidi au kidogo. Waliofariki na waliozidiwa wanaweza kuwa wavutaji wakubwa zaidi, na wao wakikosekana tofauti inapungua. Kwa hiyo kasoro ipo, imeandikwa, na ikisukuma inasukuma dhidi ya hitimisho la waandishi. Kwenye rasimu ya zamani jambo hili lote lingekuwa "hapana" moja.

Swali la 3 ndilo ambalo wanafunzi hulipita haraka, na katika muundo huu ndilo linalobeba nyumba. Kwa kila mgonjwa wa saratani ya mapafu, mhojaji alitakiwa kumhoji mgonjwa mwingine asiye na saratani, wa jinsia ileile, wa rika lilelile la miaka mitano, katika hospitali ileile na karibu wakati uleule. Kulikuwa na jozi 709: wanaume 649 na wanawake 60 kila upande. Walipokuwepo wagonjwa zaidi ya mmoja wanaofaa, alichukuliwa wa kwanza kwenye orodha ya wodi ambaye muuguzi mkuu alimwona anaweza kuhojiwa. Sentensi hiyo ni fupi na ni rahisi kuiruka, lakini ndiyo inayomnyima mhojaji nafasi ya kuzunguka wodini akichagua sura. Niliwaambia waipigie mstari.

Bado kuna maswali mawili hapa. Kwanza, wagonjwa wa kawaida wa hospitali si jamii. Miongoni mwao wamo wenye magonjwa ambayo leo tunajua yanaletwa au kuchochewa na sigara. Kundi la kulinganisha kwa hiyo linavuta sigara kuliko watu wa mtaani, na tofauti inayoonekana ni ndogo kuliko ya kweli. Tena inasukuma chini. Pili, wagonjwa wa saratani walitoka nje ya London zaidi kuliko wenzao, kwa sababu hospitali za matibabu maalumu huvuta watu kutoka mbali. Kama watu wa mashambani na watu wa mjini wanavuta tofauti, ulinganisho umechafuka. Waandishi waliliona hilo wenyewe na wakarudia hesabu kwa wakazi wa eneo la London peke yao, tofauti ilibaki. Mkaguzi anaandika namba ya ukurasa na kusonga mbele.

Hapo kwenye swali la 4 tulikaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Waliohoji walikuwa maafisa wa ustawi wa jamii wa hospitali, na mara nyingi walijua mgonjwa aliye mbele yao anadhaniwa kuwa na nini. Rasimu ya zamani ilikuwa na swali "Je, wahojaji hawakujua kundi la mhojiwa?" na jibu lilikuwa hapana, basi. Swali jipya linauliza mhojaji alikuwa anajua nini, na kujibu hilo kunamtuma msomaji ndani ya makala kutafuta kama waandishi walijaribu kupima madhara ya kujua huko. Walijaribu, na kwa njia ambayo sijaona slaidi yoyote ikiieleza vizuri kuliko makala yenyewe.

Baadhi ya watu walihojiwa wakidhaniwa kuwa na saratani ya mapafu, kisha baadaye ikabainika hawana. Fikiria walivyo hawa. Mhojaji alipokuwa akiwauliza, aliamini wana saratani. Kama mhojaji alikuwa akibonyeza kidogo kwa wagonjwa wa mapafu, au mgonjwa mwenyewe aliyehisi kifua chake kina tatizo alikuwa akikumbuka sigara zaidi, basi hawa nao wangeonekana wavutaji wakubwa. Hawakuonekana hivyo. Uvutaji wao ulifanana na wa wagonjwa wasio na saratani ya mapafu, si na wa wenye saratani kweli. Imani ya mhojaji ilikuwa ileile kwa makundi yote mawili, kilichotofautiana ni ugonjwa wenyewe tu, na jibu likafuata ugonjwa. Isitoshe, watu 50 walihojiwa tena baada ya miezi sita au zaidi ili kuona kama majibu yanatulia. Hayakuwa yaleyale kwa sigara mojamoja, lakini yalikaribiana vya kutosha kwa makundi mapana yaliyotumika kwenye majedwali.

Mwenzangu alitaka jambo hili liongezwe kwenye orodha kama swali la nane: "Je, waandishi wana kundi la waliotambuliwa kimakosa?" Nilikataa. Ni bahati ya utafiti huu, makala nyingine haitakuwa nalo, na orodha ikishaanza kukusanya ujanja wa kila makala nzuri inarudi kwenye maswali arobaini. Swali la 4 lilivyo linatosha kumfikisha mtu pale.

Swali la 5 tuliliandika kwa amri, "taja kwa jina", kwa sababu moja tu. Ukiuliza kama vigezo vinavyovuruga vilizingatiwa, mwanafunzi anatafuta neno "kurekebisha" kwenye sehemu ya uchambuzi, analikuta, anaweka ndiyo. Ukimtaka ataje kitu, lazima afikirie ugonjwa. Kwa makala hii walitaja umri, jinsia, tabaka la kijamii, na moshi wa mjini. Vitatu vya kwanza vina majedwali. Cha nne kimeguswa kupitia makazi. Kisha mmoja akataja kurithi: labda kuna maumbile yanayomfanya mtu apende sigara na pia apate saratani. Hakujua kwamba Ronald Fisher, mtakwimu aliyeasisi nadharia ya mgao wa bahati nasibu, alileta hoja hiyohiyo mwishoni mwa miaka ya 1950, na hakuna jedwali la makala linaloijibu.

Jibu lake linatoka kwenye swali la 6, na ndiyo maana maswali haya yamepangwa yafuatane. Tuliweka takwimu za wanaume ubaoni. Kati ya wagonjwa 649 wa saratani ya mapafu, wasiovuta walikuwa 2. Kati ya wenzao 649, wasiovuta walikuwa 27. Uwiano wa wavutaji kwa wasiovuta, ukilinganisha makundi hayo mawili, ni (647 × 27) ÷ (2 × 622), yaani takribani 14. Mwaka 1959 Jerome Cornfield na wenzake walionyesha kihesabu kwamba kama hatari ya wavutaji ni mara tisa na chanzo chake ni kitu kingine kilichojificha, kitu hicho lazima kiwe kimeenea kwa wavutaji angalau mara tisa kuliko kwa wasiovuta. Maumbile yenye nguvu hiyo juu ya tabia ya kuvuta hayajulikani. Uhusiano wa mara moja na nusu ungeweza kuelezwa na kitu cha tatu cha kawaida. Wa mara kumi na kitu unahitaji kitu cha tatu cha ajabu.

Lakini sehemu ya pili ya swali la 6 inauliza tokeo limesimama juu ya watu wangapi. Limesimama juu ya wale 2. Ukikokotoa kwa fomula ya kawaida upeo wa chini na wa juu wa makadirio hayo, kwa asilimia 95, unapata kuanzia karibu 3 hadi karibu 59. Utafiti una watu mia saba kila upande, na bado kipimo chake kikuu kimeyumba hivyo, kwa sababu karibu kila mwanaume alikuwa mvutaji. Hapa ndipo swali la "ukubwa wa sampuli unatosha?" lingempoteza msomaji kabisa. Angeangalia 709, akaridhika. Kinachopaswa kutazamwa ni chumba kidogo kuliko vyote kwenye jedwali. Na kwa kuwa chumba hicho ni kidogo, mkaguzi anatakiwa atafute kama hoja ina mguu mwingine. Upo: kwa wanaume waliokuwa wakivuta, waliovuta sigara 25 au zaidi kwa siku kabla ya kuugua walikuwa asilimia 26.0 kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu na 13.5 kwa wenzao. Mguu huo hautegemei wale wawili hata kidogo.

Kuna kitu kimoja ambacho orodha ilitusaidia kukiona kwa bahati tu. Wavutaji waliulizwa kama wanavuta moshi hadi ndani. Wagonjwa wa saratani waliosema ndiyo walikuwa asilimia 61.6, wenzao 67.2. Kinyume na mtu angetarajia. Fisher aliishika namba hiyo kwa mikono miwili. Maana yake bado inajadilika, na mimi naegemea upande wa wanaosema swali lenyewe halipimi vizuri, kwa sababu mtu hajui moshi wake unafika wapi. Waandishi waliichapisha bila kuificha. Mkaguzi naye aiandike bila kuificha, chini ya swali la 4, ikiwa na alama ya kuuliza.

Tulipomaliza, mwenzangu alitaka sehemu ya alama chini ya karatasi. Saba kwa saba ni imara, tatu kwa saba ni dhaifu. Semina ina wanafunzi wengi na kusahihisha ni kazi. Nilimwonyesha kazi ya Peter Jüni na wenzake iliyotoka JAMA mwaka 1999. Walichukua majaribio 17 yaleyale ya dawa za kuzuia damu kuganda na kuyapa alama kwa vipimo 25 tofauti vya ubora. Kutegemeana na kipimo kilichotumika, majaribio "bora" yalionyesha dawa mpya ina faida kuliko ya zamani, au hayakuonyesha. Majaribio hayakubadilika, ilibadilika namna ya kujumlisha. Alama ya jumla inaruhusu ndiyo tano zisizo na uzito zifunike hapana moja inayoua hoja nzima. Badala ya alama tuliacha mistari miwili chini ya karatasi, "Hukumu", na sharti kwamba itaje kasoro moja kubwa kuliko zote na upande inaosukuma.

Kwa Doll na Hill, hukumu ya mwanafunzi yuleyule aliyeuliza kama ni dhaifu ilisomeka hivi: "Kundi la kulinganisha ni la hospitali na lina wavutaji wengi kupita kiasi, kwa hiyo makadirio huenda ni madogo kuliko ukweli, ukubwa halisi haujulikani vizuri kwa sababu ya wasiovuta wawili. Kwamba uhusiano upo, sioni kasoro humu inayoweza kuufuta." Niliipa alama kamili, ingawa angepaswa kutaja pia kwamba wahojaji mara nyingi walijua nani anadhaniwa kuwa na nini.

Karatasi hii ina mipaka ambayo tumeiandika juu kabisa ili isitumiwe vibaya. Haikagui kama makala imeeleza kila kitu. Kazi hiyo ina orodha zake, kama STROBE yenye vipengele 22 kwa tafiti za uchunguzi na CONSORT kwa majaribio, na mwanafunzi aliyezitumia kama kipimo cha ubora wa muundo amezitumia kwa kazi isiyo yake: makala inaweza kueleza kwa ukamilifu muundo mbovu. Pia swali la 3 limeandikwa kwa tafiti zinazoanza na wagonjwa. Kwa jaribio la bahati nasibu linabadilishwa na hili: aliyekuwa akimsajili mgonjwa angeweza kujua kabla ya kumsajili ataangukia kundi gani? Kwa utafiti unaofuatilia kundi kwa miaka linabadilishwa na lingine: waliopotea wamepotea sawasawa pande zote mbili? Tumeyachapa yote matatu kwenye kisanduku kimoja, na jibu la swali la 1 ndilo linalokuambia usome lipi. Tafiti za mahojiano ya kina, zisizolinganisha makundi, hazimo kabisa. Slaidi zake kumi na mbili tumemrudishia mwenzangu zikiwa nzima.